Hatukumwangusha

Somo: 1 Samweli 31:11–13, Mathayo 14:12–13



Ndugu mmoja kijana wa hapa kanisani alinisimamisha mlangoni baada ya ibada ya pili. Hakuwa na nia mbaya, tena alinisalimu kwa heshima, lakini ilionekana kuna neno lilikuwa limemkaa rohoni. Akaniambia, "Mzee, niliona ile picha uliweka. Miaka 19 mmekuwa marafiki na huyo ndugu, halafu unamwandikia maneno 14 peke yake? Mimi niliyahesabu." Nikamwambia mimi sikuyahesabu. Nilipofika nyumbani nikachukua simu nikahesabu, na kweli yalikuwa 14.

Picha yenyewe inaonyesha migongo ya wanaume sita, jeneza mabegani, na migomba pande zote mbili za njia. Ilipigwa na mpwa wa marehemu, na nyuso zetu hazionekani. Chini yake nilikuwa nimeandika hivi: "Leo tumembeba rafiki yetu. Tulikuwa sita. Njia iliteleza, lakini hatukumwangusha. Amelala kando ya babake."

Yule kijana aliona maneno hayo ni baridi. Na sio yeye pekee. Kuna dada aliniandikia kwamba nimeandika kama askari anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. Sasa, swali lao si dogo, na sitaki kulijibu kwa haraka. Mtu akimzika rafiki wa karibu, anadaiwa maneno mangapi? Na ukiandika kwa utulivu wakati moyo wako hauna utulivu hata kidogo, huo si unafiki? Nimekaa na maswali hayo wiki tatu. Siwezi kuyajibu bila kwanza kueleza vile tulivyombeba, kwa sababu maneno yale yalitoka mle.

Mazishi yalikuwa Murang'a, mwezi wa Novemba, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Anayeijua Murang'a anajua ile migongo ya vilima, na ule udongo mwekundu ukinywa maji unavyokuwa kama sabuni. Gari lililoleta mwili lilifika kwenye njia panda likakataa kuendelea. Kutoka pale hadi nyumbani kwao ni mwendo wa mita kama 300, karibu zote za kuteremka. Waliotuletea mwili walikuwa na vijana wao wenye suti na glavu, wanaolipwa kwa kazi hiyo, na walikuwa tayari. Lakini familia ilikuwa imeomba marafiki wambebe. Ndivyo tulivyojikuta sita pale njia panda, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Mjomba wa marehemu, mzee ambaye amebeba wengi maishani mwake, ndiye alitupanga. Nilidhani atauliza nani alikuwa karibu zaidi na marehemu ili huyo ashike mbele. Hakuuliza. Alitusimamisha wawili wawili, akaweka kiganja chake juu ya bega la mmoja, akakisogeza hadi bega la mwenzake, akaangalia kama kimepanda au kimeshuka. Alitupanga kwa urefu wa mabega. Wanaobeba jeneza wakitofautiana urefu, yule mfupi habebi kitu, anatembea tu chini ya ubao huku wenzake wanaumia. Kati yetu mmoja alikuwa mfupi kidogo. Mzee alimweka katikati upande wa kulia, akaomba taulo kwa akina mama, akalikunja mara nne akamwekea begani mpaka ubao ukamgusa. Kisha akatuonya kuhusu vile vishikio vinavyong'aa vya pembeni: tusiviamini, kwa sababu vingi ni vya urembo na skrubu zake ni fupi. Mkono wa nje ushike chini ya jeneza, na mkono wa ndani upite mgongoni kwa mwenzako wa upande wa pili, umshike koti.

Jeneza na mwili wa mtu mzima, tuseme ni kilo 130. Ukigawanya kwa watu sita ni kama kilo 22 kila mmoja, na mtu anaweza kusema hiyo ni mzigo wa mtoto, hata gunia la makaa linazidi. Lakini hesabu hiyo ni ya mahali tambarare. Mkianza kuteremka, uzito unakimbilia kwa wawili wa mbele. Tena marehemu hutangulizwa miguu, kwa hiyo mbele mna miguu na nyuma mna kichwa na kifua. Mimi nilikuwa nyuma upande wa kushoto. Kichwa cha rafiki yangu kilikuwa karibu na sikio langu, ubao tu ukiwa kati yetu.

Mdogo wake alikuwa mmoja wetu wakati tunanyanyua. Hatukufika hatua kumi, kilio kikamshika hadi magoti yakaanza kucheza. Mzee alisema "Simama," tukasimama, akamgusa mgongoni akamtoa, na mwanaume mwingine aliyekuwa akitembea kando yetu akaingia mahali pake. Hakuna aliyemwona mdogo wake kuwa dhaifu, wala aliyeingia hakuwa na moyo mgumu. Yule mwanaume alitembea kando kwa sababu mzee alijua mmoja wetu angehitaji kutoka. Mdogo wake alitufuata akilia kwa sauti hadi kaburini, na ilikuwa haki yake.

Hapo ndipo niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona katika mazishi yote niliyohudhuria nikiwa nimekaa kwenye kiti chini ya hema. Ule utulivu wa wabebaji hautoki kwenye moyo. Ni utulivu wa hatua. Mzee hakutuambia tusilie. Alituambia tuanze na mguu wa kushoto, hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, na asiyeweza aseme mapema. Unaweza kuwa unatokwa na machozi mpaka shingoni na bado hatua yako ikawa sawa na ya wenzako. Kinachokatazwa ni kumwachia mwenzako uzito wako bila kumwambia.

Tulipofika katikati ya mteremko, ndugu wa mbele kulia aliteleza. Kiatu chake kilikuwa cha soli ya ngozi, kizuri cha kanisani, na hakikushika kitu. Goti lake lilienda chini, jeneza likalalia upande wa kulia, na ndani kitu kikateleza. Tulisikia wote sita. Mimi kwa upande wangu sikuongezewa uzito. Ubao uliinuka ukaacha bega langu, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mzigo ukikuacha ghafla ujue umemwangukia mtu mwingine. Ulimwangukia yule mfupi mwenye taulo. Alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni, lakini hakuachia. Mzee alisema neno moja tena: "Simama." Tukasimama. Hakuna aliyeruka kumsaidia aliyeteleza, maana ukiachia kona yako ili umwokoe mwenzako, mtaangusha wote. Aliinuka mwenyewe, akaingiza bega, ubao ukarudi kwangu. Nadhani yote hayo yalichukua sekunde kumi hivi. Kisha tukaendelea.

Kushusha kaburini sitakueleza sana. Tulitumia mikanda mitatu, mmoja kila upande wa kila mkanda. Jambo la pekee ambalo mzee alilirudia mara mbili ni kwamba tusijizungushie mkanda mkononi, hata ukiteleza vipi, kwa sababu uzito ukienda utakwenda na vidole vyako. Aliteremka polepole, kichwa na miguu vikafika pamoja.

Sasa turudi kwenye simu. Jioni tukiwa kwenye matatu kurudi Nairobi, mpwa wake alinitumia ile picha. Nikataka kuiweka ili watu wa Gikomba na wa kanisani ambao hawakufika wajue tumemaliza. Nikaanza kuandika, na yale niliyoandika kwanza hayakuwa maneno 14. Yalijaza simu nzima. Yalianza hivi: "Leo nimembeba mtu ambaye alikuwa zaidi ya ndugu kwangu. Hakuna anayejua vile moyo wangu umevunjika. Katika miaka 19 hatukuwahi kukosana hata siku moja."

Nilipofika hapo kidole changu kikasimama.

Mpendwa msomaji, ile sentensi ya tatu ilikuwa uongo, na iliandikwa kwa dakika moja na mkono ambao bado ulikuwa na udongo wa kaburi lake. Mwaka jana rafiki yangu alinikopesha shilingi 40,000 nilipie binti yangu karo ya chuo. Nilirudisha 15,000. Zilizobaki nilianza kuzikwepa. Tunauza viatu vya mitumba safu moja, lakini nilijifunza kupita njia ya nyuma. Wiki aliyougua alinipigia simu mara mbili, nami nikaangalia jina lake kwenye kioo mpaka simu ikanyamaza. Nilidhani anadai. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.

Kwa hivyo ninapokuambia nilikaa kwenye matatu nikasoma ule upuzi wangu, usidhani nakufundisha uandishi. Nilijiuliza kwa nini nimeandika vile, na jibu halikuwa la kupendeza. Nilisoma tena nikaona karibu kila sentensi ilikuwa juu yangu: moyo wangu, uchungu wangu, vile nilivyompenda. Marehemu alikuwa ametajwa mwanzoni tu, kama mlango wa mimi kuingilia. Nilikuwa najitetea mbele ya watu ambao hawakuwa wamenishtaki. Na mtu anayejitetea huongeza sentensi. Akiona mbili hazijatosha, anatafuta ya tatu, na ya tatu hutoka mahali pabaya.

Sisemi kwamba maneno mengi ni dhambi. Daudi aliposikia Sauli na Yonathani wamekufa alitunga ombolezo refu, akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Lakini angalia Daudi alikuwa wapi. Alikuwa Siklagi, mbali, na habari aliletewa. Miili yenyewe ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta wa Beth-shani na Wafilisti, na waliokwenda kuitoa ni watu wengine, wanaume wa Yabeshi-Gileadi. Walitembea usiku kucha, wakaichukua kutoka ukutani, wakaileta kwao, wakaiteketeza, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Ukisoma kwa makini utaona kwamba wanaume hao hawakuandikiwa hata neno moja. Tunajua walichofanya mkono kwa mkono, hatujui walichosema. Aliyekuwa mbali alihitaji wimbo ili aonyeshe alimpenda Yonathani. Wale walioshika uzito, mambo yao yalikuwa yameshasemwa na mabega.

Na hao watu wa Yabeshi walikuwa na deni. Miaka ya nyuma Nahashi Mwamoni alipotaka kuwang'oa macho ya kuume, ni Sauli aliyekuja kuwaokoa. Inawezekana walikuwa wanalipa. Lakini hawakumlipa Sauli kwa kutangaza. Walikwenda usiku.

Wako wengine karibu zaidi na lile kosa langu. Herode alipomwua Yohana Mbatizaji, Marko anatuambia wanafunzi wake walikuja wakauchukua mwili wakauweka kaburini, na hapo anaishia. Mathayo anaongeza hatua moja: walikwenda kumpasha Yesu habari. Hebu fikiria walichokuwa nacho cha kusema. Mwalimu wao aliuawa kwa ajili ya ngoma ya sherehe, na kichwa chake kilikuwa kimepelekwa kwenye sinia kwa mwanamke. Walibeba kiwiliwili. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kuandika kurasa, ni hao. Lakini Mathayo hakutupa hotuba yao. Anasema tu walileta habari, na aliyeipokea akaingia chomboni akaenda mahali pa faragha. Habari ilikuwa fupi kiasi kwamba aliyeisikia alipata nafasi ya kuhuzunika mwenyewe.

Hilo lilinigusa sana, kwa sababu yule Yesu hakuwa mazishini. Habari ya mbebaji ni ya mtu ambaye hakuwepo.

Nasi tulikuwa na mtu kama huyo. Mama yake rafiki yangu amevuka miaka 80, na miguu yake ilikuwa imevimba. Hakuweza kuteremka hadi kaburini. Alikaa ndani ya nyumba yake juu, dirisha limefunguliwa, akiwa na wanawake wawili, akasikia nyimbo na sala kwa mbali. Mjukuu wake aliniambia baadaye kwamba usiku ule shosho aliuliza kama kuna mtu ameandika kitu. Akasomewa picha yangu. Akasema, "Soma tena pale pa njia." Akasomewa tena mahali pa njia kuteleza na kutomwangusha. Hakuuliza kingine, akaomba ageuzwe upande.

Nikikumbuka hilo na kufikiri kwamba karibu nimletee mama huyo habari za moyo wangu uliovunjika, naona aibu. Angefanya nini nao? Angelazimika kunihurumia, yeye aliyemzaa. Maneno marefu ya rafiki, yakimfikia mama au mjane, ni kama kuachia kona yako. Uzito unahama kutoka bega lako unakwenda kwa aliye karibu, na aliye karibu ndiye tayari amebeba nyingi. Ndiyo maana nikafuta yote nikaandika yale manne: tumembeba, tulikuwa wangapi, njia ilikuwaje, amelala wapi. Hayo ndiyo mambo ambayo mtu aliyebaki nyumbani angetaka kuulizia.

Kuna anayeweza kunijibu kwa Matendo sura ya 8. Watu watauwa waliomzika Stefano walimfanyia maombolezo makubwa, na hao ni wabebaji kweli, tena waliomboleza mahali ambapo ingewaponza. Nakubali, na sitaki kulikwepa andiko hilo. Kulia kaburini kwa sauti si kukosa imani, na wala sitamlaumu aliyeandika kurasa mbili juu ya rafiki yake kama kila mstari ni kweli na unamhusu marehemu. Wengine wana kipaji hicho na familia hufurahi. Lakini kilio cha kaburini kinasikika na waliopo, kinaisha, watu wanashikana mikono wanakula chakula wanarudi nyumbani. Kilichoandikwa chini ya picha kinabaki, na mtoto wa marehemu atakisoma akiwa na miaka 20. Afadhali kiwe kitu ambacho hakitahitaji kusahihishwa.

Na hapa yule kijana aliyenisimamisha mlangoni aliuliza swali lake la pili, ambalo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Kumbe naye alikuwa amesikia kwa watu habari ya kuteleza. Akasema, "Sasa mzee, uliandika hamkumwangusha. Lakini si jeneza lililala upande? Hiyo si ni kuficha?"

Nililifikiria hilo kwa siku kadhaa. Jeneza halikugusa ardhi, kwa hiyo neno ni kweli. Lakini najua vile neno la kweli linavyoweza kutumika kama pazia, na mimi nina uzoefu wa mapazia. Kipimo nilichopata ni hiki: nikiulizwa na mtu mwenye haki ya kujua, nitajibu? Kama nitajibu wazi, basi nilichofanya ni kutotangaza. Kama nitazungukazunguka, basi nilificha. Yule ndugu aliyeteleza anajua aliteleza, na nilimwona kwenye matatu akiangalia viatu vyake njia nzima. Sikuona faida ya kumweka kwenye picha mara ya pili. Lakini ni kipimo kinachodai kitu. Huwezi kusema "nitajibu nikiulizwa" halafu ukawapitia njia ya nyuma wale wanaoweza kukuuliza.

Vilevile kuhusu deni. Kuna mtu atasema kama nilikuwa mkweli, ningeliandika pale pale: nimembeba mtu niliyemkwepa. Nililiwaza pia. Lakini hiyo ingekuwa njia nyingine ya kujizungumzia, tena yenye sifa, kwa maana watu hupenda sana anayejishtaki mbele ya umati. Ningepata pongezi 200 na shilingi 25,000 zingebaki mfukoni mwangu. Kosa hilo halikuwa la watu wa simu. Lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akiwa amekufa lina mjane.

Kwa hivyo wiki ya pili baada ya mazishi niliuza bidhaa kwa bei ya hasara kidogo, nikaongeza na pesa niliyokuwa nimeweka, nikaenda nyumbani kwake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Shemeji alinikaribisha, akaniwekea kiti, na kabla sijatoa bahasha akaniuliza mwenyewe, "Shemeji, pale kwenye mteremko, ile sauti ilikuwa nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza kwamba ndugu wa mbele aliteleza, jeneza likalala upande wa kulia, mwili ukasogea ndani, na yule mwenye taulo akaushikilia uzito mpaka tukasimama sawa. Nikamwambia halikugusa chini. Alinyamaza kidogo, akasema alijua kuna kitu, alikuwa amekaa akiwaza kwamba huenda kilivunjika.

Ndipo nikatoa bahasha na kusema nilichokuja kusema, kwamba nilimkwepa, na kwamba nilimwona akipiga sikushika. Hakunijibu juu ya simu. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari la mauzo la marehemu, lile la jalada la buluu ambalo sisi wote wa Gikomba tunalijua. Akafungua ukurasa wenye jina langu. Juu imeandikwa 40,000. Chini yake 15,000 na tarehe. Chini yake tena, kwa mwandiko wake, neno moja: "Atalipa."

Shemeji akahesabu zile noti mara mbili, vile mume wake alivyokuwa akifanya. Akachukua kalamu, akaandika 25,000 na tarehe ya siku ile, akafunga daftari, akaniuliza kama nimekunywa chai.